Jumla ya oda ikipanda baada ya kadi kuidhinishwa: uzuie zaidi, uongeze idhini, au utoze tofauti?

Mteja ameagiza bidhaa zinazouzwa kwa uzito. Mfumo umekadiria jumla ya dola 80.00, benki yake imeidhinisha kadi, na fedha bado hazijatozwa. Kesho yake mfungashaji anapima, anaweka bidhaa mbadala kwa ile iliyokwisha, na jumla halisi inafika 86.40. Idhini iliyopo ni ya 80.00. Hiyo 6.40 ipatikane vipi bila kumsumbua mteja, na bila mzigo kutoka ukiwa haujalipiwa wote?

Njia zinazotumika ni tatu. Ya kwanza ni kuidhinisha kiasi kikubwa kuliko kadirio tangu mwanzo, kisha kutoza pungufu. Ya pili ni kuidhinisha kadirio lenyewe, na jumla ikipanda kuiomba benki iongeze idhini. Ya tatu ni kutoza kile kilichoidhinishwa, halafu kulipisha tofauti kama malipo mapya kwenye kadi iliyohifadhiwa. Mifano ya msimbo hapa ni ya Stripe. Watoa huduma wengine wana hatua zinazofanana kwa majina yao wenyewe.

## Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Idhini ni kauli ya benki iliyotoa kadi kwamba fedha zipo na imezizuia kwa ajili yako. Kutoza ni hatua ya pili, na ndiyo inayohamisha fedha. Kwenye Stripe hatua hizi mbili hutenganishwa kwa kuweka `capture_method=manual`. Mteja akishathibitisha malipo, hali yake inasomeka `requires_capture` na kusubiri uamuzi wako.

Jumla ikishuka hakuna cha kuchagua: unatoza kiasi kidogo na kilichobaki kinaachiliwa. Usitoze chote kisha ukarudisha ziada. Fedha za kurudishwa huchukua takriban siku 5 hadi 10 za kazi kumfikia mteja, na Stripe hairudishi ada ya malipo ya awali. Kutoza pungufu hakuna gharama hizo.

Kumbuka pia kwamba, kwa kawaida, idhini moja hutozwa mara moja tu. Ukitoza 50.00 kati ya 80.00 kwa sababu kifurushi cha kwanza kimetoka, zile 30.00 haziwi akiba ya kifurushi cha pili. Zinaachiliwa. Kosa hili hugundulika siku ya kifurushi cha pili, na kufikia hapo mteja anaweza kuwa ameshazitumia. Kwa oda inayotoka kwa mafungu, tenga idhini kwa kila fungu, au hakikisha kwanza kwamba akaunti yako na kadi husika zinaruhusu kutoza mara kadhaa.

## Vigezo vya kulinganisha

Kila njia tumeipima kwa mambo manne. La kwanza ni upande wa mteja: anazuiwa kiasi gani na anaona nini kwenye taarifa ya benki. La pili ni kinachotokea jumla ikipanda, hasa benki ikikataa. La tatu ni muda ulio nao kabla idhini haijaisha. La nne ni kazi ya kuijenga pamoja na gharama zake.

## Njia ya kwanza: kuzuia zaidi, kutoza pungufu

Kadirio ni 80.00, unaongeza asilimia 15 na kuidhinisha 92.00. Jumla halisi ikija 86.40, unatoza hiyo, na 5.60 inaachiliwa. Stripe hupokea kiasi kwa senti, kwa hiyo 86.40 huandikwa 8640:

```
curl https://api.stripe.com/v1/payment_intents/$PI/capture \
  -u "$STRIPE_KEY:" \
  -H "Idempotency-Key: oda-4471-toza" \
  -d amount_to_capture=8640
```

Mstari wa `Idempotency-Key` unahakikisha kwamba ombi likitumwa mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika, mteja hatozwi mara mbili. Ukirudia ufunguo uleule na kiasi tofauti, ombi litakataliwa kwa kosa, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Upande wa mteja. Hapa ndipo njia hii inapouma. Mwenye kadi ya krediti huenda asihisi chochote, lakini kwa kadi ya debiti ile 92.00 imeondolewa kwenye salio analoweza kutumia. Chukua mteja mwenye 85.00 kwenye akaunti na oda ambayo mwishoni ingegharimu 78.00. Benki itaikataa kadi yake kwa sababu umeomba 92.00, na umempoteza mnunuzi aliyekuwa na fedha za kutosha. Baada ya kutoza, kasi ya kuachilia ile ziada iko mikononi mwa benki iliyotoa kadi. Nyingine huachilia mara moja, nyingine huchukua siku kadhaa, na katika siku hizo mteja anaweza kuona 92.00 bado inasubiri huku 86.40 imeshatozwa, akadhani amelipa mara mbili.

Kwa sababu hiyo andika kiasi kitakachozuiwa karibu na kitufe cha kulipa, si kwenye ukurasa wa masharti: «Tutazuia dola 92.00. Utatozwa bei halisi baada ya kupima.» Ndani ya Umoja wa Ulaya hili ni zaidi ya adabu. Kifungu cha 75 cha Maelekezo ya Pili ya Huduma za Malipo kinataka mteja awe amekubali kiasi kamili kinachozuiwa pale ambapo bei ya mwisho haijajulikana.

Jumla ikipanda. Ikibaki ndani ya 92.00, hakuna ombi jipya kwa benki na hakuna la kukataliwa. Ikifika 97.10, uko palepale pa aliyeidhinisha kadirio tupu, ila pengo ni 5.10. Ndiyo maana asilimia ya nyongeza haifai kubahatishwa. Chukua oda zako zilizokamilika, gawanya jumla halisi ya kila moja kwa kadirio lake, panga majibu kuanzia dogo hadi kubwa, kisha tazama kiwango ambacho oda 95 kati ya 100 hazikukivuka. Kikisoma 1.09, nyongeza ya asilimia 10 inatosha, na kuzuia asilimia 25 ni kuwabana wateja bila faida. Piga hesabu hiyo kwa kila aina ya bidhaa. Bidhaa za kupimwa na bidhaa za pakiti hazifuati mwenendo mmoja.

Muda. Kwa malipo ya kadi ya mtandaoni, Stripe kwa kawaida inakupa siku 7, na kwa baadhi ya miamala huwa pungufu. Usikariri idadi ya siku. Soma `capture_before` kwenye `payment_method_details.card` ya malipo husika. Huo ndio ukomo wa idhini ile hasa.

Kazi na gharama. Ndiyo nyepesi kuliko zote. Ni idhini moja, utozaji mmoja, mstari mmoja kwenye hesabu, na haihitaji ruhusa maalumu.

## Njia ya pili: kuongeza idhini

Unaidhinisha 80.00. Mfungashaji akimaliza kupima, mfumo unaomba idhini ipande hadi 86.40 ndipo utoze. Uwezo huu lazima uuombe mapema, wakati wa kuunda malipo:

```
-d "payment_method_options[card][request_incremental_authorization]=if_available"
```

Neno `if_available` lichukulie kwa maana yake yote. Kupatikana kwake kunategemea mtandao wa kadi, aina ya biashara iliyosajiliwa kwenye akaunti yako, na masharti ya akaunti yenyewe. Baada ya idhini ya kwanza, angalia `incremental_authorization.status` ndani ya taarifa za kadi. Ikiwa `available`, endelea. Ikiwa `unavailable`, oda hiyo inahitaji njia nyingine, na ni afadhali mfumo ulijue hilo kabla mfungashaji hajafika rafuni.

Jumla inapopanda:

```
curl https://api.stripe.com/v1/payment_intents/$PI/increment_authorization \
  -u "$STRIPE_KEY:" \
  -d amount=8640
```

Kiasi unachotuma ni jumla mpya, si nyongeza. Ukituma 640 utapata kosa, kwa sababu ni kidogo kuliko 8000 iliyokwisha kuidhinishwa. Adyen nayo hupokea jumla mpya. Ukihamia kwa mtoa huduma mwingine, lihakiki hili kwa oda ya majaribio kabla ya kitu kingine.

Upande wa mteja. Anazuiwa kile kinachohitajika tu, na mwishoni anaona mstari mmoja wa 86.40. Katikati, baadhi ya benki huonyesha idhini ya kwanza na nyongeza kama mistari miwili inayosubiri, kwa hiyo wahudumu wa wateja wawe na jibu tayari.

Jumla ikipanda. Ombi la kuongeza linaenda benki kama ombi lingine lolote, na linaweza kukataliwa. Jambo la kutuliza ni kwamba idhini ya awali haifutiki: malipo yanabaki `requires_capture` na 80.00 yako ipo. Hapo mfungashaji anahitaji maagizo yaliyo wazi, na yaandikwe ndani ya mfumo wake: ondoa bidhaa mbadala, au punguza uzito, hadi jumla irudi 80.00, au simamisha oda hadi mteja alipe tofauti mwenyewe. Mfumo unaoonyesha «imekataliwa» bila kusema la kufanya huishia kwa mzigo kutoka na hasara ya 6.40, mara nyingi bila mtu kuirekodi.

Usitume ombi kila bidhaa moja inapopimwa. Stripe inaruhusu majaribio 10 tu ya kuongeza kwa malipo moja, na yaliyokataliwa yanahesabiwa. Subiri oda yote ipimwe, tuma mara moja.

Muda. Kuongeza kiasi usikuchukulie kuwa ni kuongeza siku. Panga utozaji wako kwa `capture_before`, na usome thamani hiyo upya baada ya kila nyongeza.

Kazi na gharama. Kazi ni kubwa kuliko njia ya kwanza, kwa sababu unahitaji tawi la kukataliwa na tawi la kadi zisizoruhusu nyongeza. Rekodi za hesabu zinabaki safi, kwani mwishoni malipo ni moja.

Kuna ndugu wa njia hii: kutoza zaidi ya kilichoidhinishwa. PayPal inaruhusu hadi asilimia 115 ya idhini, lakini ongezeko lisizidi dola 75. Kwa idhini ya 80.00 unaweza kutoza hadi 92.00; kwa idhini ya 600.00 ukomo ni 675.00, si 690.00. Stripe nayo ina `request_overcapture` kwa baadhi ya kadi na biashara, na ukomo unasomeka kwenye `maximum_amount_capturable`. Hapo hakuna ombi jipya la idhini, na hiyo ni raha. Ila kama mteja hakuambiwa mapema kwamba bei inaweza kupanda, unamfungulia mlango wa kupinga malipo kwa hoja kwamba kiasi si sahihi, na kwa Visa hoja hiyo ina msimbo wake, 12.5.

## Njia ya tatu: kutoza tofauti kama malipo mapya

Unatoza 80.00 iliyoidhinishwa, na 6.40 inakuwa malipo ya pili kwenye kadi ileile. Ili hili liwezekane mteja akiwa hayupo, kadi lazima iwe imehifadhiwa kwa idhini yake kwenye malipo ya kwanza, kwa `setup_future_usage=off_session`.

```
curl https://api.stripe.com/v1/payment_intents \
  -u "$STRIPE_KEY:" \
  -H "Idempotency-Key: oda-4471-tofauti" \
  -d amount=640 -d currency=usd \
  -d customer=$CUS -d payment_method=$PM \
  -d off_session=true -d confirm=true
```

Upande wa mteja. Salio lake halizuiwi zaidi ya kadirio. Ila taarifa ya benki itakuwa na mistari miwili, 80.00 na 6.40, na ule mdogo ndio unaozua maswali, kwa sababu haulingani na risiti yoyote anayoikumbuka. Mtumie risiti moja inayoonyesha malipo yote mawili na sababu ya la pili, saa ileile.

Jumla ikipanda. Hakuna ukomo unaotokana na idhini ya kwanza. Tofauti inaweza kuwa 6.40 au 60.00. Lakini kukataliwa kuna sura mbili. Ukipata `insufficient_funds`, fedha hazipo. Ukipata `authentication_required`, fedha huenda zipo, ila benki inamtaka mteja mwenyewe athibitishe, jambo la kawaida kwa kadi za Ulaya. Huko uthibitisho wa mteja hufungwa na kiasi alichokiona, hivyo uthibitisho wa 80.00 haubebi kiasi kingine juu yake. Kurudia ombi lilelile hakutasaidia. Mtumie kiungo afungue, athibitishe, alipe.

Mpangilio wa hatua ni muhimu hapa kuliko kwenye njia nyingine. Lipisha tofauti *kabla* ya kutoza 80.00 na kabla mzigo haujatoka. Ikikataliwa, bado una idhini kamili mkononi na nafasi ya kupunguza oda. Ukianza kwa kutoza na kupakia, 6.40 inageuka deni la kufuatilia, na kulifuatilia kunaweza kugharimu kuliko deni lenyewe.

Muda. Malipo ya pili hayategemei siku za idhini ya kwanza. Ile ya kwanza bado ina ukomo wake.

Kazi na gharama. Kila malipo yana ada yake, na ada nyingi zina sehemu isiyobadilika kwa muamala. Kwa tofauti ndogo, sehemu hiyo hula kipande kikubwa. Weka kiwango cha chini ambacho chini yake biashara inaibeba tofauti yenyewe. Upande wa hesabu, oda moja sasa ina malipo mawili, na mteja akirudisha bidhaa lazima mfumo ujue urejeshe kutoka lipi na kiasi gani. Rejesho la 83.00 haliwezi kutoka kwenye malipo ya 80.00 peke yake. Hili husahaulika wakati wa kujenga, kisha humfika mhudumu wa wateja kama kosa asilolielewa.

## Hali yako ikoje?

Kama bei zako hupanda kidogo na kwa mwenendo unaoujua, kama ilivyo kwa bidhaa za kupimwa, na wengi wa wateja wako hutumia kadi za krediti, njia ya kwanza itakutosha kwa miaka. Inawafaa pia wenye timu ndogo ya ufundi. Iangalie upya ukiona kadi nyingi zinakataliwa kwenye ukurasa wa malipo kwa fedha kutotosha: hesabu ni ngapi kati yake zingepita kwa kadirio tupu.

Kama wateja wengi wana kadi za debiti na salio dogo, au kama jumla hupanda mara chache lakini kwa kiasi kikubwa, njia ya pili inawatendea haki zaidi. Ifuate tu kama `incremental_authorization.status` inakuja `available` kwa sehemu kubwa ya oda zako halisi. Endesha wiki moja ukirekodi thamani hiyo bila kuitumia, ndipo uamue. Zile chache zisizoruhusu zipewe nyongeza ya njia ya kwanza, kwa kufuta idhini na kuomba nyingine mteja akiwa bado kwenye ukurasa.

Kama mteja mwenyewe ndiye anayeongeza bidhaa baada ya kuagiza, njia ya tatu ndiyo iliyo wazi zaidi kwake, kwa kuwa malipo ya pili yanalingana na tendo alilolifanya na yupo hapo kuthibitisha. Inafaa pia pale tofauti ni kubwa na hutokea baada ya malipo ya kwanza kutozwa.

Na kama mzigo hutoka baada ya zaidi ya siku 7, hakuna kati ya hizi inayokufaa kwa umbo lake la kawaida. Idhini ikiisha, Stripe inafuta malipo, hali inakuwa `canceled`, na hakuna cha kutoza. Hapo hifadhi kadi siku ya oda bila kuzuia fedha, na uombe idhini ya jumla halisi siku ya kufungasha, ukiacha pengo la siku moja au mbili kabla ya gari kuondoka, ili kadi ikikataliwa mteja awe na muda wa kuleta nyingine.